Trei nne za mayai na foleni ya saa moja: meza ya kimanda katika hoteli za Juba

JUBA. Mfanyabiashara anayelala hotelini Juba anaijua meza hiyo hata kama hajawahi kuitilia maanani. Iko pembeni mwa ukumbi wa kifungua kinywa, ina jiko la gesi la mafiga mawili, vibakuli vya vitunguu, nyanya na pilipili hoho, jagi la mayai yaliyopigwa, na mpishi aliyevaa kofia nyeupe anayeuliza kila anayefika: kimanda, ya kuvuruga au ya kukaanga? Mgeni hungoja dakika mbili tatu, hupewa sahani yake, huenda kuketi. Asichokiona ni kwamba meza hiyo ndogo ndiyo sehemu ya bafe inayoweza kuitia hoteli hasara bila mtu kujua, na pia ndiyo inayoweza kumlaza mgeni kitandani akiwa tayari ameshavuka mpaka.

Sehemu kubwa ya mayai yanayoliwa Juba hutoka Uganda. Hupita Elegu, huingia Nimule, kisha husafiri kilomita 192 za lami hadi mjini. Barabara hiyo ilipokamilika mwaka 2012 ilifupisha safari iliyokuwa ikivunja mayai mengi, na tangu Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, yai la Uganda linalokaangwa na mpishi kutoka Kenya au Ethiopia kwa ajili ya mgeni kutoka Tanzania limekuwa jambo la kila asubuhi. Lakini lami haipunguzi joto. Miezi ya Februari na Machi mchana wa Juba hupita nyuzi 37, na trei iliyokaa juu ya lori chini ya turubai jeusi hupata joto zaidi ya hilo.

Joto ndilo linaloamua mengi yanayofuata. Yai likikaa kwenye joto, ute wake hulegea na kuwa majimaji, na utando mwembamba unaoshikilia kiini hudhoofika. Mpishi wa mayai ya kukaanga huligundua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote: anapasua yai kwenye kikaango na kiini kinapasuka chenyewe, huku ute ukitambaa hadi ukingoni badala ya kukusanyika. Utando huo ukidhoofika kuna hatari nyingine isiyoonekana. Bakteria wa salmonela wanaweza kuwemo ndani ya yai tangu lilipokuwa tumboni mwa kuku, hata kama ganda ni safi na halina ufa. Wakiwa kwenye ute hawazaani sana. Wakifika kwenye kiini, penye chakula tele, na joto likiwa la Juba, huongezeka kwa kasi kubwa.

Mayai yenye bakteria ndani ni machache. Nchini Marekani wataalamu waliwahi kukadiria kuwa ni yai moja kati ya 20,000. Makadirio hayo hayawezi kuhamishiwa Afrika Mashariki vivi hivi, lakini hata hapa mpishi anayepasua yai moja kwa mgeni mmoja anacheza bahati nasibu ndogo sana. Mambo hubadilika anapopasua mayai 60 ndani ya ndoo moja saa kumi na mbili asubuhi ili foleni isimkamate. Sasa yai moja baya halimgusi mgeni mmoja tu. Limechanganywa na mengine 59, likapigwa likawa kitu kimoja, na ndoo imekaa kando ya jiko lenye moto kwa saa tatu. Kwa hiyo swali lote la usalama wa meza hii ni swali la jagi: lina ukubwa gani, linakaa wapi, na linakaa kwa muda gani.

Wapo wapishi wanaosema wao hawana wasiwasi kwa sababu yai viza hunuka. Ni kweli yai viza hunuka, na ndiyo sababu kila yai linapaswa kupasuliwa kwanza kwenye kikombe kidogo, litazamwe, ndipo limiminwe jagini. Viza moja likiingia moja kwa moja, jagi zima linakwenda na maji. Ila harufu ni habari ya uozo. Salmonela haina harufu, haina rangi, na haibadilishi ladha. Hata kile kipimo cha kuzamisha yai kwenye maji, ambacho wachuuzi wengi wa Konyo Konyo wanakijua, kinaonyesha umri wa yai tu: linaloelea ni la zamani, kwa kuwa hewa imeongezeka ndani yake. Linalozama ni bichi na jipya, lakini hakuna aliyesema ni salama.

Dawa yake si kuacha jagi. Bila jagi hakuna kasi. Dawa ni jagi dogo linaloisha haraka.

Tuchukue hoteli yenye wageni 80 asubuhi moja. Kifungua kinywa kinaanza saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu. Si wote watakula mayai. Tuseme 56 watayataka, 40 kati yao kimanda na 16 mayai mawili ya kukaanga. Kimanda cha kawaida ni mayai mawili. Hesabu ya vimanda ni mayai 80, ya kukaanga 32, jumla 112. Ukiweka mayai sita ya kupotea kwa nyufa na viza, unafika 118. Trei nne zina mayai 120. Hiyo ndiyo oda ya asubuhi, na mkuu wa jiko anaweza kuitoa stoo jioni ya jana yake bila kubahatisha.

Tatizo ni kwamba wageni hawaji mmoja mmoja kwa saa tatu. Wenye magari ya kuelekea Nimule hutaka kula mapema, na wa mashirika wana mikutano ya saa mbili na nusu. Tuseme wageni 36 kati ya wale 56 wanafika kati ya saa moja na robo na saa mbili na robo. Hao ni sahani 36 kwa dakika 60, yaani sahani moja kila sekunde 100. Kimanda kimoja, tangu mafuta yanapoingia kikaangoni hadi kikaango kinafutwa tayari kwa mwingine, huchukua kama dakika mbili na nusu. Kikaango kimoja kinatoa 24 kwa saa. Foleni inabaki na watu 12 wenye njaa, na hapo ndipo mpishi anapoanza kutoa kimanda kikiwa kibichi katikati. Vikaango viwili vinaweza kutoa 48, na nafasi inayobaki inatosha kwa mgeni anayesita kuchagua.

Kasi haitokani na moto mkali. Huu ni msiba wa meza nyingi: mpishi anaona foleni, anafungua gesi hadi mwisho. Yai halipendi hivyo. Nje linakuwa la kahawia na kukakamaa, ndani linabaki maji, na anapolikunja linapasuka. Dalili ziko wazi: mafuta yanatoa moshi, yai linavimba mapovu makubwa mara tu linapogusa kikaango. Moto wa wastani, kikaango kisichoshika cha upana wa sentimita 20, kijiko kimoja cha chai cha mafuta, na mwiko bapa wa mpira vinatosha. Mayai yakimiminwa, huachwa kidogo yashike, kisha kingo huvutwa kuelekea katikati huku kikaango kikiinamishwa ili yale yaliyo mabichi yatiririke pembeni. Baada ya nusu dakika hivi juu pamebaki unyevu tu. Hapo hutiwa vikolezo, hukunjwa, hugeuzwa mara moja. Katika hoteli za mahema zilizo kando ya Nile kuna jambo moja zaidi, feni. Feni ikielekezwa kwenye jiko, moto unalala upande na kikaango kinaiva nusu. Isogezwe.

Kasi ya kweli hutoka kwenye mambo mawili yanayofanyika kabla kikaango hakijashika moto. La kwanza ni vikolezo. Vitunguu na pilipili hoho vikiwekwa vibichi, mgeni atangoje viive au avile vikitafunika. Vikikaangwa kidogo jikoni saa kumi na moja na nusu na kuletwa tayari, vinahitaji kupata moto tu. Nyanya hutolewa mbegu na maji yake, hukatwa ndogo, huachwa kwenye chujio. Nyanya yenye maji hufanya kimanda kutokwa jasho kikaangoni, na kila tone la maji hilo lazima likauke kabla yai halijaiva. La pili ni vibakuli vidogo vitatu au vinne vya chuma. Kimanda cha kwanza kikiwa motoni, mgeni wa pili anashachagua vyake, vimewekwa kwenye kibakuli chake, na wa tatu anachukua cha kwake. Mpishi haulizi swali akiwa mikono mitupu. Hilo peke yake linaondoa karibu nusu dakika kwa kila sahani, na halihitaji gesi.

Kwa wageni Waislamu, kikaango na mwiko wa nyama ya nguruwe, kama hoteli inaiweka, ni vya peke yake na huwekwa mbali. Kufuta kwa tishu hakutoshi, na mgeni anayeona hivyo ataondoka mezani bila kusema neno.

Sasa turudi kwenye jagi. Yai la wastani likitolewa ganda linatoa karibu mililita 50. Upawa wa mililita 100 basi ni mayai mawili, na jagi la lita moja ni mayai 20, yaani vimanda kumi. Wakati wa msongamano vimanda kumi huondoka kwa dakika 20 hivi. Hakuna haja ya ndoo. Jagi hukaa ndani ya beseni lenye barafu na maji yanayofika usawa wa mayai yaliyomo, si barafu iliyotupwa chini ya kitako chake kwa mapambo. Nyuma, jikoni, mtu mmoja anapasua la pili na kuliweka kwenye jokofu likisubiri. La kwanza likiisha linaondoka, linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni. La pili linakuja kwenye beseni. Kinachokatazwa kabisa ni kuongezea mayai mapya juu ya mabaki. Ukiongezea kila mara, sehemu ya jagi la saa kumi na mbili na nusu bado imo ndani saa tatu, ikiwa imekaa muda wote huo ikiwapandisha wageni wake wasioonekana.

Msongamano ukipungua, jagi linaachwa. Mgeni anayekuja saa tatu kasorobo anapasuliwa mayai yake mawili mbele yake. Na kwa mjamzito, mzee sana, au mtoto, hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanywa saa yoyote, na kimanda chake kiive hadi ndani pasibaki unyevu. Kanuni za chakula za Marekani hutofautisha mambo haya mawili: yai lililopasuliwa kwa oda ya mgeni na kuliwa papo hapo linatakiwa lifikie nyuzi 63 kwa sekunde 15, wakati yaliyochanganywa ya wageni wengi yanatakiwa kufika nyuzi 68. Mpishi asiye na kipimajoto anaweza kuangalia kwa jicho: ute usiwe na sehemu inayong'aa kama kioo, na kimanda kikikatwa katikati kisitoe maji.

Upawa pia ndio unaolinda fedha. Mayai ya trei moja hayalingani. Trei ya bei nafuu huwa na makubwa na madogo pamoja. Mpishi anayemimina kwa kukadiria huzidisha, kwa sababu kimanda kikubwa humfurahisha mgeni aliye mbele yake na hakimgharimu yeye chochote. Yai moja la ziada kwa vimanda 40 ni mayai 40 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni 1,200, yaani trei 40. Mwenye hoteli anayelalamika kwamba mayai ya Juba ni ghali anaweza kuwa analipia trei 40 ambazo hakuna mgeni aliyeziomba. Njia ya kulijua hilo haihitaji kompyuta: trei zilizotoka stoo, toa mayai mazima yaliyorudi, gawanya kwa idadi ya sahani zilizoandikwa mezani. Ikija mbili na kidogo, mambo ni sawa. Ikikaribia tatu, upawa umeachwa droo.

Mikono ni mlango mwingine. Ganda la yai limepita kwenye banda la kuku, kwenye lori, kwenye sakafu ya soko. Mpishi anayepasua yai kisha akashika sahani, mkate na mpini wa kikaango kwa mkono uleule amehamisha kila kitu, na glavu hazisaidii ikiwa glavu ndiyo iliyoshika ganda. Ndiyo maana kupasua kunafanywa nyuma, na mtu anayefanya hivyo hagusi chakula kilichoiva. Mezani mbele, kwa yale mayai ya kukaanga na ya wageni wa mwisho, panatakiwa dumu lenye bomba, sabuni na ndoo ya maji machafu. Hoteli nyingi za Juba hununua maji ya boza, na maji ya kununua hutumiwa kwa ubahili. Lakini lita kumi za kunawia asubuhi moja si mzigo.

Mayai ya kuvuruga yanayowekwa kwenye sinia lenye maji ya moto chini yake yanastahili neno, kwa kuwa hayo ndiyo huharibika hadharani. Yakipikwa mengi mara moja na kuachwa saa mbili, maji hujitenga chini na rangi huanza kuwa ya kijani kijivu. Kijani hicho hakina sumu. Ni chuma cha kiini na salfa ya ute vikikutana kwenye joto la muda mrefu. Lakini ni saa ya ukutani inayomwambia mgeni yamekaa kiasi gani. Yapikwe mayai 15 kwa mara moja, yakae juu ya nyuzi 60, na sinia jipya libadilishe la zamani, lisimiminwe juu yake.

Kwa msafiri wa biashara kuna jambo la kufahamu kuhusu ugonjwa wenyewe. Salmonela hukawia kati ya saa sita na siku tatu kabla haijaanza kuuma. Aliyekula kimanda Juba Jumatatu asubuhi anaweza kuanza kuharisha na kupata homa Jumanne usiku akiwa Gulu, akalaumu samaki aliyekula njiani, na hoteli isipate habari kamwe. Ukimya huo huwafanya wapishi waamini kwamba ndoo yao haina kosa. Mgeni anayetaka kujua kabla ya kula anaweza kutazama mambo matatu bila kuuliza mtu: kama jagi liko kwenye barafu, kama ni dogo, na kama mpishi anaongezea.

Upande wa anayeleta mayai, yanayokataliwa na hoteli makini hayakataliwi kwa jeuri. Trei zenye maji au zilizochafuliwa na yai lililovunjika hurudishwa zima, kwa kuwa unyevu hufungua vitundu vya ganda. Mayai yaliyooshwa kwa maji baridi ili yapendeze nayo ni mabaya kuliko yenye vumbi kavu: kuosha huondoa utando wa asili wa ganda, na maji baridi hufanya kilichomo ndani kusinyaa na kuvuta uchafu. Yapanguswe makavu. Yenye ufa yatengwe na kuuzwa siku hiyohiyo kwa mwoka mikate, ambako moto utayafikia hadi ndani. Trei ipangwe ncha iliyochongoka ikiwa chini, turubai liwe la rangi nyeupe na liwe na nafasi ya hewa, na anayeweza kutoka Nimule usiku akafika Juba alfajiri atoke usiku.

Hoteli nayo ina lake la kurekebisha stoo. Jenereta likizimwa usiku kuokoa dizeli, jokofu hupoteza baridi, kisha alfajiri hurudi. Yai baridi likikutana na hewa ya Juba hutokwa jasho, na jasho hilo hubeba bakteria kupita kwenye vitundu. Chumba chenye kivuli kisichobadilika joto ni bora kuliko jokofu linalowaka na kuzimika, mradi mayai yatumike kwa siku chache na kila trei iandikwe kwa kalamu tarehe iliyofika. Penye umeme wa kudumu, jokofu lisizidi nyuzi saba, na zitolewe trei moja moja, si nne kwa pamoja.

Saa tatu na nusu jagi lililobaki linamwagwa, hata kama lina vimanda vinne ndani yake. Haliendi kwenye keki ya mchana, wala kwenye chapati mayai ya wafanyakazi, ile ambayo Waganda huiita roleksi. Mayai mazima hurudi stoo yakiwa na tarehe yake. Trei za karatasi zilizotumika hazirudi jikoni wala hazipangiwi mayai mapya. Zinachomwa au kutupwa. Wauzaji wanaopita jioni kuzikusanya ili wapakie tena huko Elegu watalazimika kubeba za plastiki, ambazo zinaoshwa.